"Tat" ya mstari wa kwanza wa Gayatri yaashiria nini?

*Swali: Jirani zetu Wahindu hapa Mombasa huisoma Gayatri alfajiri, wakianzia "Om bhur bhuvah svah". Nimekuta tafsiri moja inasema "tunamtafakari Yule", nyingine inasema "ule utukufu". Katika Rigveda yenyewe mstari wa kwanza ulimaanisha nini, na hiyo "tat" ni nani?*

Mstari wa kwanza wa sala hiyo katika Rigveda, mkusanyo wa kale wa nyimbo za ibada za Kihindu, ni maneno matatu tu: *tat savitur varenyam*. Neno kwa neno ni "ule wa Savitar, wa kutamaniwa", Savitar likiwa jina la mungu, na hapo sentensi bado haijakwisha. "Tat" si mtu, wala si mungu aliyefichwa jina. Ni neno la kuonyesha linalongoja nomino yake, na nomino hiyo inakuja mwanzoni mwa mstari wa pili: *bhargo*, yaani mng'ao. Kati ya tafsiri mbili ulizozikuta, hii ya "ule utukufu" ndiyo iliyo karibu na wimbo wa kale. Ile ya "Yule" imezaliwa baadaye, nami nitaeleza ilikotoka, maana haikuzuka hivi hivi.

Kwanza tuliweke kando lile "Om bhur bhuvah svah". Maneno hayo hayamo katika ubeti wenyewe. *Bhur, bhuvah, svah* ni matamko matatu ya ibada, yanayofahamika kama dunia, anga la kati na mbingu, na yalitangulizwa kwenye ubeti huu katika matumizi ya kafara na sala. Katika Yajurveda Nyeupe, mlango wa 36, aya ya 3, unayakuta yameshaunganishwa nao. Upanishadi iitwayo Brihadaranyaka, katika 6.3.6, inakwenda mbali zaidi: inaukata ubeti vipande vitatu, na kila kipande inakipa tamko lake. *Tat savitur varenyam* kinapewa *bhuh*, cha pili *bhuvah*, cha tatu *svah*. Kwa hiyo jirani zako wanaposoma hivyo wanafuata mapokeo ya kale sana. Ila ukitaka kujua mtunzi wa Rigveda aliuanzaje ubeti wake, anza na *tat*.

Ubeti huo ni wa 10 katika wimbo wa 62 wa kitabu cha 3, ambao ndio wimbo wa mwisho wa kitabu hicho. Kitabu cha 3 kinanasibishwa na ukoo wa Vishvamitra, na ni miongoni mwa vitabu vya koo, cha 2 hadi cha 7, ambavyo ndivyo kiini kikongwe cha Rigveda. Nyimbo hizo zilitungwa kaskazini-magharibi ya Bara Hindi, katika nchi ya Punjab na mito yake, takriban kati ya miaka 1500 na 1000 kabla ya Kristo, zikahifadhiwa kwa mdomo muda mrefu kabla ya kuandikwa. Huu hapa ubeti mzima:

tat savitur varenyam
bhargo devasya dhimahi
dhiyo yo nah prachodayat

Nimeuandika kwa herufi zetu. Uangalie tu kwamba "dh" na "bh" hapa si kama dh ya "dhahabu". Ni d na b zinazotolewa pamoja na pumzi.

Jambo la pili la kujua ni kwamba "Gayatri" ni jina la bahari, kwa maana ya bahari za ushairi. Ni ubeti wa mishororo mitatu, kila mshororo mizani 8, jumla 24. Mshairi wa Kiswahili angeuita tathlitha. Karibu robo ya Rigveda nzima imetungwa kwa bahari hiyo, kwa hiyo kuna beti za Gayatri kwa maelfu. Huu mmoja ulipata umaarufu hata ukalichukua jina la bahari yote. Jina lake jingine, Savitri, ndilo linalousema hasa: ubeti wa Savitar.

Sasa hesabu mizani za mstari wa kwanza kama ulivyoandikwa: tat, sa, vi, tur, va, ren, yam. Ni saba, si nane. Mizani moja imepotea, na kuipata kunatuonyesha jinsi mstari ulivyosikika zamani. Katika Kisanskriti cha wakati wa watunzi, mwisho wa neno hili ulitamkwa *-niyam*, kwa i ndogo kabla ya y: va-re-ni-yam. Waliokusanya na kusanifu matini baadaye walifuata matamshi ya zama zao, ambamo ile i ilikuwa imemezwa, nao wakaandika *varenyam*. Sisi tuna mazda, mtunzi anaporefusha neno kusudi mizani zitimie, lakini hapa sivyo: umbo refu ndilo la asili, na fupi ndilo lililokuja baadaye.

Uthibitisho uko katika mapigo ya mwisho. Mishororo ya Gayatri kwa kawaida hufunga kwa silabi nne zinazokwenda fupi, ndefu, fupi, kisha ya mwisho. Mshororo wa pili unafunga *-sya dhi-ma-hi*: fupi, ndefu, fupi, ya mwisho. Wa tatu unafunga *pra-cho-da-yat*: vilevile. Na wa kwanza, ukisoma *va-re-ni-yam*, unafunga hivyo hivyo. Ukisoma *varenyam* ya silabi tatu, mapigo yanavunjika pale pale mwishoni, mahali ambapo watunzi hawa walikuwa waangalifu kupita pote. Mapokeo yenyewe yanalijua hili. Wanazuoni wa arudhi ya Kisanskriti waliweka kanuni ya kurudisha *iy* mahali pa *y* mizani zinapopungua, na wapo wasomaji wanaotamka *vareniyam* wanapourudia ubeti huu kwa hesabu. Anayesoma *varenyam* hajakosea, anasoma matini kama yalivyopokewa. Lakini anayepima ushairi anahitaji ile ya nane.

Kitu kingine ambacho sikio la Mswahili linakinasa upesi: mshororo wa kwanza na wa pili, katika matini, husomwa kama nusu moja ya ubeti, mizani 8 na 8, mfano wa ukwapi na utao katika shairi letu la mizani 16. Halafu wa tatu unasimama peke yake. Hakuna undugu kati ya bahari hizi mbili, ila mfanano huo unasaidia kuelewa kwa nini maana ya *tat savitur varenyam* haiwezi kukamilika yenyewe. Ni ukwapi unaongoja utao wake.

Tuyachukue maneno moja moja.

*Tat* ni neno la kuonyesha, umoja, jinsi ya tatu ya Kisanskriti, ile isiyo ya kiume wala ya kike. Hapa sisi tuna bahati, kwa sababu ngeli zetu zinafanya kazi ileile ya kuunganisha maneno yaliyo mbali. Tukisema "ule" kisha tukakaa kimya, msikilizaji anajua kwamba kinachokuja ni cha ngeli ya mti au ya ukuta, hakiwezi kuwa mtu. Ndivyo *tat* inavyofanya. Ingekuwa ni mtu au mungu wa kiume, mtunzi angesema *tam*, "yule", kama mtendwa. Hakusema hivyo.

*Savitur* ni *savituh*, "wa Savitar". Ile r ya mwisho imetokea kwa sababu neno linalofuata linaanza kwa v. Padapatha, yale matini ya kale yanayotenganisha neno na neno, yanaandika *savituh* waziwazi, kwa hiyo ukiona maumbo mawili katika vitabu viwili, usidhani ni maneno mawili. Jina lenyewe limetoka kwenye kitenzi *su*, kusukuma jambo litokee, kulianzisha mwendo, pamoja na kiambishi cha mtendaji *-tar*, kinachofanya kazi kama m- na -ji zetu pamoja. Kama imba inavyozaa mwimbaji, *su* imezaa Savitar: Msukumaji. Watunzi walilisikia jina hilo kama kitenzi hai, halikuwa jina lililokauka. Katika 5.82.5 mmoja wao anamwomba hivi, kwa kitenzi kile kile mara mbili: mabaya yote, ee mungu Savitar, yasukume mbali, lililo jema, lisukume lije kwetu.

Tafsiri nyingi zinaandika "jua" hapa na kupita. Hilo linapunguza maana. Jua kama jua lina jina lake, Surya, na 5.81.4 inasema kwamba Savitar *huungana* na miale ya Surya, maneno ambayo yasingekuwa na haja kama wangekuwa kitu kimoja tu. Kisha soma 2.38, wimbo wa Savitar wa jioni: ndege na mifugo wanarudi mahali pao, kazi iliyotandazwa inakunjwa. Huyu ndiye anayeamuru viumbe vianze na viumbe vitulie, asubuhi na jioni. Sayana, mfafanuzi mkubwa wa karne ya 14, anapofika 5.81.4 anagawa hivi: kabla ya kuchomoza ni Savitar, tangu kuchomoza hadi kuzama ni Surya. Kwa ubeti unaosomwa alfajiri, mgawanyo huo unaingia vizuri sana. Anayeombwa ni ile nguvu inayoufungua mwendo wa siku, hata kabla duara la jua halijaonekana.

*Varenyam* ni sifa iliyotokana na kitenzi *vr*, kuchagua, kupenda kitu zaidi ya vingine. Umbo lake ni la kinachostahili kutendwa, kwa hiyo si "teule" kwa maana ya kilichokwisha kuchaguliwa. Ni "cha kuchaguliwa", "cha kutamaniwa", kama tunavyosema "mtu wa kuheshimiwa". Wanaoandika "tukufu" au "bora kabisa" wanaikosa nia iliyomo. Utukufu unaweza kuutazama kwa mbali. Kilicho *varenyam* unakitaka kiwe chako. Nitarudi hapa, kwa sababu ndipo kitenzi cha mstari wa pili kinapojifunga.

Je, tunajuaje kwamba *tat* inakwenda na nomino ya mbele na haisimami peke yake? Njia ya uhakika ni kuangalia watunzi wa Rigveda walivyouanza ubeti wa Savitar mahali pengine. Ufunguzi huu si wa mara moja. Ni kauli iliyozoeleka, kama "naanza kwa bismillahi" katika tenzi zetu, nayo ina viungo vyake maalumu.

Wimbo 5.82 unafungua *tat savitur vrinimahe vayam devasya bhojanam*: "kile cha Savitar twajichagulia, riziki ya mungu". Tazama mpangilio: *tat* mbele kabisa, halafu *savitur*, halafu kitenzi cha kuchagua kutoka kwenye *vr* ile ile iliyozaa *varenyam*, kisha katika mshororo unaofuata *devasya* pamoja na nomino yenyewe, *bhojanam*, riziki. Ubeti huo huo unafungwa kwa *dhimahi*, kitenzi kile kile cha Gayatri. Wimbo 4.53 unafungua *tad devasya savitur varyam mahad vrinimahe*: "kile cha mungu Savitar, cha kutamaniwa, kikubwa, twajichagulia", na nomino, *chhardih*, yaani hifadhi, inakuja mshororo wa tatu. Na 1.159.5 ina *tad radho adya savitur varenyam*: "ule ukarimu wa Savitar, wa kutamaniwa, leo". Hapo maneno yote matatu ya mstari wetu yapo, pamoja na nomino yao katikati: *radhas*, ukarimu, kipawa.

Ukiyapanga mahali pote manne, kinachobadilika ni kipawa tu: riziki, hifadhi, ukarimu, mng'ao. *Tat* inakitangaza, *savitur* inamtaja mwenye nacho, na neno la *vr* linasema kwamba sisi tunakitaka. Aliyezizoea nyimbo hizo, aliposikia *tat savitur varenyam*, hakujiuliza "tat ni nani?" Alijua kipawa cha Savitar kinakuja, akasubiri kusikia ni kipi safari hii. Mtunzi naye anamwachia mapumziko ya mwisho wa mshororo, kisha analitoa neno: *bhargo*.

*Bhargas* ni mng'ao, mwangaza mkali unaoonekana. Hapa pana mtego unaowanasa wengi wanaojifunza Kisanskriti kidogo. Katika matini neno limeandikwa *bhargo*, na katika mstari wa tatu kuna *yo*, kiunganishi cha "amba-". Yote yanaishia kwa o, basi msomaji anayafungisha ndoa: "mng'ao *ambao* utahimiza fikra zetu". Ndoa hiyo ni batili. O ya *bhargo* ni matokeo ya matamshi tu: *bhargas* inapokutana na d ya *devasya*, *-as* inageuka *-o*. Neno lenyewe ni la ile jinsi ya tatu, sawa na *tat* na *varenyam*. *Yo* nayo ni *yas* iliyopata mgeuko uleule, lakini yenyewe ni ya kiume. Kwa Kiswahili tofauti ni kati ya "ambao" na "ambaye", na hakuna Mswahili angesema "mng'ao ambaye". Lau mtunzi angetaka kusema kwamba mng'ao ndio unaohimiza, angesema *yan nah* badala ya *yo nah*, na mizani zisingebadilika hata moja, kwa hiyo ushairi haukumlazimisha. Aliyehimiza ni Savitar mwenyewe: *yo*, "yeye ambaye", inarudi nyuma hadi *savitur* na *devasya*.

Kwa hiyo ubeti una nyuzi mbili zilizosukwa pamoja. Uzi wa kitu ni *tat, varenyam, bhargo*. Uzi wa mtu ni *savitur, devasya, yo*. Mstari wa kwanza unazianza zote mbili na haumalizi hata mmoja. Tafsiri yoyote ya *tat* kuwa "Yule" inauchukua uzi wa kitu na kuufunga kwenye uzi wa mtu, na kuanzia hapo sarufi nzima inakwenda kombo.

Kimebaki kitenzi, *dhimahi*, kwa sababu bila hicho mstari wa kwanza unaning'inia. "Tunatafakari" ndiyo tafsiri iliyoenea duniani, na ndiyo maana ya ubeti kwa mamilioni ya watu wanaousali leo. Lakini kwa lugha ya Rigveda umbo hilo ni la kitenzi *dha*, kuweka, katika kauli ambayo faida inamrudia mtenda, na katika hali ya kutaka jambo liwe. Sisi tunalo neno lake barabara: kujiwekea. *Dhimahi*: na tujiwekee, na tupate kiwe chetu. Mashahidi wapo. Katika 5.21.1 wanamwambia Agni, mungu wa moto, *manushvat tva ni dhimahi*: kama alivyofanya Manu, babu wa wanadamu, tunakuweka mahali pako. Hapo moto unawekwa jikoni mwa kafara, na hakuna anayeweza kusoma "tunakutafakari chini". Shahidi wa pili ni mzuri zaidi. Katika 1.141.1, kuhusu Agni, tunakuta *tad ... dhayi ... devasya bhargah*: ule mng'ao wa mungu *umewekwa*, unaonekana. *Tat*, *devasya bhargah* na kitenzi *dha*, vyote kwa pamoja. Mng'ao wa mungu, katika lugha hii, ni kitu kinachowekwa na kupokewa.

Tafsiri kamili ya Kiingereza ya Rigveda iliyotolewa na Stephanie Jamison na Joel Brereton mwaka 2014 imeshika njia hiyo ya kuufanya mng'ao uwe wetu. Sayana, kwa upande wake, anaanza na kutafakari, kisha anatoa na njia nyingine za kusoma, mojawapo ikiifahamu *bhargas* kuwa chakula. Mimi naona kutafakari hakukutoka hewani. *Dhimahi* inamaliza mshororo wa pili, na neno la kwanza la mshororo wa tatu ni *dhiyo*, fikra, maono ya mtunzi. Dhi na dhi zimegusana. Mtunzi aliyechagua kuziweka bega kwa bega alitaka sikio lizisikie pamoja, na wasomaji wa baadaye, ambao kwao umbo *dhimahi* la *dha* lilikuwa limeshachakaa katika lugha ya kila siku, walilisikia upande wa fikra tu.

Ndivyo na "Yule" ya tafsiri yako ilivyokuja. Katika Upanishadi *tat* ilipewa uzito mpya. Chandogya ina kauli mashuhuri *tat tvam asi*, "hiyo ndiwe", na Bhagavadgita 17.23 inaitaja *tat* kati ya *om* na *sat* kama majina matatu ya Brahman, ule uhalisi mkuu ulio asili ya vyote. Aliyelelewa katika elimu hiyo akikutana na ubeti unaoanza na *tat*, neno la kwanza kabisa, bila nomino pembeni yake, anasikia Brahman. Ni usomaji wenye heshima yake ndani ya dini ya Kihindu, na anayesali hivyo hapaswi kuambiwa sala yake si sahihi. Kinachokuwa kosa ni kuurudisha usomaji huo nyuma hadi kwa Vishvamitra na kusema ndivyo alivyomaanisha yeye. Kipimo rahisi unapopewa tafsiri yoyote: angalia kama "ule" umeshikana na mng'ao au umeachwa uelee, kisha angalia kama anayehimiza fikra ni mungu au ni mwanga. Majibu ya maswali hayo mawili yatakuonyesha kama mfasiri amefuata sarufi ya Rigveda au mafundisho ya baadaye.

Kwa Kiswahili ningeuweka ubeti hivi, nikiacha mstari wa kwanza uning'inie kama ulivyo katika asili:

Ule wa Msukumaji, ule wa kutamaniwa,
mng'ao wa mungu huyo, na tujiwekee,
yeye atakayezihimiza fikra zetu.

"Mng'ao" nimeuchagua kwa makusudi badala ya "nuru". Nuru kwetu imebeba mafundisho mengi ya dini nyingine, na ngeli yake isingeipa "ule" nafasi ya kutangulia na kungojewa. "Kuhimiza" ni *chodaya*, neno ambalo watunzi walilitumia pia kwa kuwakimbiza farasi. Na fikra hizi, *dhiyah*, si akili kwa ujumla kama wanavyoandika wengi. Ni yale maono yanayomjia mtunzi na kugeuka wimbo.

Hilo unaliona ukisoma beti mbili zinazofuata. Wimbo 3.62 una beti 18, zilizopangwa tatu tatu kwa miungu mbalimbali, na Savitar amepewa ya 10 hadi ya 12. Katika ya 11 wanaomba *rati*, kipawa, kutoka kwa *devasya savitur*, na hapo unathibitika ule mwelekeo wa mstari wetu wa kwanza: kinachosemwa ni kitu cha kupewa. Katika ya 12 watunzi wanamtukuza mungu Savitar kwa kafara na nyimbo zilizosukwa vyema, nao wameitwa *dhiyeshitah*, waliosukumwa na fikra. Ombi la ubeti wa 10 lilikuwa Savitar azihimize fikra zao. Beti mbili mbele, fikra zimeshahimizwa, nazo ndizo zinazowasukuma wao waimbe.